Mfamasia kwanza, fremu baadaye

Mtu anayetaka kufungua famasi nchini mwetu kwa kawaida huanza na fremu. Anaipata jirani na stendi au sokoni, analipa kodi ya mwaka mzima, anamwita fundi wa rafu na mchoraji wa bango. Siku za mwishomwisho ndipo anapoanza kuulizia mfamasia mwenye cheti cha kumwezesha kupata kibali. Maoni yetu ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na makosa mengi yanayozifungisha famasi huzaliwa hapo. Mfamasia apatikane kwanza. Fremu itafuata.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 haikuiacha biashara hii mikononi mwa mwenye mtaji peke yake. Mwenye mtaji anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mkulima au mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini Baraza la Famasi linaposajili jengo na kutoa kibali, linataka kumjua mfamasia msimamizi: jina lake, usajili wake, na maandishi yanayoonyesha kwamba amekubali kuisimamia famasi hiyo. Kwa hiyo kibali kimejengwa juu ya mtu. Mtu huyo asipokuwepo, kilichobaki ukutani ni karatasi yenye muhuri.

Kila aliye karibu na biashara hii anaujua mchezo wa kukodisha cheti. Mfamasia ameajiriwa kwingine, pengine hata mkoa mwingine. Mwenye duka anampa fedha kidogo kila mwezi, cheti kinatundikwa nyuma ya kaunta, na kazi yote anafanya kijana aliyefundishwa kusoma majina ya maboksi. Mfamasia anapita mara moja baada ya miezi kadhaa, au akisikia wakaguzi wako mjini. Wote wawili wanaona wamefaidika. Aliyeachwa nje ya mapatano hayo ni mgonjwa.

Tuangalie kinachotokea kaunta siku ya kawaida. Mama anaingia na karatasi ya majibu: mtoto ana malaria. Anaomba dawa ya mseto. Vidonge vya mseto vya artemeta na lumefantrini vinatolewa kwa uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila mlo wa dawa, milo sita kwa siku tatu, jumla vidonge 6. Akiwa na kilo 15 hadi chini ya 25 anahitaji viwili kila mara, jumla 12. Mtoto wa mama huyu ana kilo 16. Kijana wa kaunta anauliza umri, anaambiwa miaka minne, anakisia, anachukua boksi la vidonge 6. Mtoto ataondoka na nusu ya dozi. Homa inaweza kushuka kwa siku chache, wazazi wakashukuru, kisha vimelea vilivyosalia vikaongezeka tena na mtoto akarudi akiwa dhaifu kuliko mwanzo.

Mtaalamu angempima mtoto uzito au angeusoma kwenye kadi ya kliniki. Angemweleza mama kwamba mlo wa pili wa dawa ni saa nane baada ya ule wa kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na kwamba dawa hii inafanya kazi vizuri zaidi ikinywewa pamoja na chakula au maziwa. Angeuliza kama mtoto anatapika kila kitu, kama hawezi kunyonya au kunywa, kama amepata degedege. Jibu likiwa ndiyo, asingeuza kidonge hata kimoja bali angewahimiza waende hospitali saa hiyohiyo. Maswali hayo hayachukui dakika tano. Ndiyo kazi ambayo sheria inamtaka mfamasia aisimamie, na hakuna cheti cha kukodi kinachoweza kuyauliza.

Tunajua jibu la wenye maduka. Mshahara wa mfamasia ni mkubwa, mauzo ya duka dogo hayaubebi, na nje ya miji wafamasia ni wachache. Hoja hiyo ni ya kweli, na nchi yetu iliijibu zamani. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma ulianza mpango wa maduka ya dawa muhimu, yale tunayoyaita DLDM, kwa ajili ya maeneo ambako mfamasia hapatikani kwa urahisi. Duka la namna hiyo linahudumiwa na mtoa dawa mwenye msingi wa mafunzo ya afya, aliyepata mafunzo mahususi ya kazi hiyo. Linaruhusiwa kuuza dawa baridi na orodha fupi ya dawa za cheti zilizotajwa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Halichomi sindano wala halilazi wagonjwa.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo hajafungiwa njia. Anachotakiwa ni kuchagua daraja la duka analoweza kulimudu kwa watu, kisha abaki ndani ya mipaka ya daraja hilo. Kosa ni kuwa na watumishi wa DLDM huku ukiuza bidhaa za famasi kamili. Kosa jingine la aina hiyohiyo ni la famasi ya jumla inayomuuzia mgonjwa dirishani, au ya rejareja inayosambazia maduka mengine dawa kwa maboksi. Kibali kinataja aina ya biashara, na mkaguzi anaanza kazi yake kwa kulinganisha maandishi hayo na kile anachokiona kwenye rafu.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mfanyabiashara wa Morogoro mjini anataka kufungua famasi ya rejareja. Hatua yake ya kwanza iwe kumtafuta mfamasia na kuthibitisha kwa Baraza kwamba usajili wake uko hai na kwamba hajafungwa na usimamizi wa duka jingine. Kisha waandikiane mkataba wenye maana. Mkataba wenye maana unataja saa za kazi, siku za mapumziko na nani atashika nafasi wakati huo, mshahara, na mambo ambayo mwenye duka hatayaingilia. Tunasisitiza hilo la mwisho. Mfamasia awe na kauli ya mwisho kuhusu dawa ipi inunuliwe, kutoka kwa nani, na mteja yupi asiuziwe bila cheti cha daktari. Mwenye duka akibaki na mamlaka ya kumwambia "muuzie tu, huyo ni mteja wetu", amemwajiri mtu kisha akamnyang'anya kazi. Mkataba useme pia kwamba mfamasia akiondoka, Baraza litaarifiwa. Famasi nyingi zinaingia kwenye kosa hapa bila kukusudia: msimamizi ameacha kazi, duka limeendelea kuuza, na jina la mtu aliyekwishahama bado linaning'inia ukutani.

Chini ya mfamasia wawepo wasaidizi wanaotambuliwa. Fundi dawa sanifu amesomea stashahada ya famasi, na fundi dawa msaidizi ana cheti cha ngazi ya chini ya hapo. Hao ndio watu wa kaunta. Ndugu wa mwenye duka anaweza kufanya usafi, kupokea fedha na kupanga maboksi, lakini asikabidhiwe kazi ya kutoa dawa. Mpangilio wa zamu uandikwe na kubandikwa, hasa ya jioni na ya Jumapili, kwa sababu ndizo saa ambazo wataalamu huwa wamekwenda nyumbani na wagonjwa ndio wanatoka kazini.

Mfamasia akishapatikana, waende pamoja kuangalia fremu. Wasilipe kodi kabla ya kuuliza ofisi ya kanda ya Baraza au mfamasia wa halmashauri kama eneo hilo linakubalika, kwa kuwa kanuni zinaangalia umbali kati ya famasi moja na nyingine. Umbali huo unapimwa na mkaguzi. Neno la dalali halisimami mbele yake. Tunawahurumia waliolipa kodi ya mwaka, wakaweka marumaru na viyoyozi, kisha wakaambiwa mahali hapo hapafai. Hasara hiyo ingeepukwa kwa safari moja ya kuuliza mapema.

Fremu yenyewe iangaliwe kwa macho ya dawa. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, nyingine chini ya 25. Fremu ya bati isiyo na dari, iliyoelekea magharibi, inaweza kupita kiwango hicho saa tisa alasiri hata kama asubuhi ilikuwa na ubaridi mzuri. Feni haisaidii, maana inazungusha hewa ileile ya moto. Hapo panahitajika dari na kiyoyozi. Kipimajoto kiwekwe penye joto zaidi, yaani rafu ya juu upande wa jua, kisha kisomwe asubuhi na alasiri na kuandikwa. Daftari la joto lenye namba ileile, 25, 25, 25, mwezi mzima, limeandikwa na mtu ambaye hakukitazama kipimajoto. Mkaguzi mzoefu analijua daftari la namna hiyo akilifungua tu.

Ukuta uwe mkavu, sakafu ioshike, maji yawepo na sinki la kunawia mikono, na maboksi yakae juu ya mbao, yasigusane na sakafu yenye unyevu. Pawepo kona ambayo mgonjwa anaweza kueleza tatizo lake bila foleni nzima kusikia. Tunaitaja kona hiyo kwa sababu ndiyo ya kwanza kugeuzwa kuwa rafu ya vipodozi. Mwanamke mwenye maambukizi ya njia ya mkojo hatasema ukweli wake mbele ya majirani watano. Atataja dawa aliyoshauriwa na rafiki yake, atauziwa, atakwenda.

Friji nayo ina masharti yake. Insulini na dawa nyingine za baridi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi wanaogopa joto na kusahau kwamba kuganda nako kunaiharibu insulini. Kichupa kilichosukumwa hadi kikagusa ukuta wa barafu kinaweza kuganda usiku na kuyeyuka asubuhi, na kwa macho kikaonekana kizima, ilhali hakifai tena kutumika. Ndani ya friji kiwepo kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kilichofikiwa, ili asubuhi ijulikane usiku ulikwendaje na kama umeme ulikatika. Soda na maji ya kunywa vitafutiwe friji nyingine. Kila mlango unapofunguliwa kwa ajili ya kinywaji, joto linaingia kwenye dawa.

Baada ya mtu na mahali, makaratasi yanakuwa mepesi. Jina la biashara au kampuni linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi inachukuliwa TRA, maombi ya kusajili jengo na kupata kibali yanapelekwa Baraza la Famasi pamoja na nyaraka za mfamasia na mkataba wake. Wakaguzi wanakuja kuliona jengo kabla ya kibali kutolewa. Kibali kikishatoka, halmashauri inatoa leseni ya biashara. Ikumbukwe kwamba leseni ya biashara haiwi kibali cha dawa, na kibali cha dawa hakimwondolei mtu leseni ya biashara. Vyote viwili vinahitajika, na vyote vina ukomo wake wa kuhuishwa. Atakayesema anaweza kukupatia vyote kwa mkupuo mmoja bila mkaguzi kufika dukani ni kishoka. Mwambie hapana.

Dawa ndizo ziingie mwisho. Zinunuliwe kwa msambazaji wa jumla mwenye kibali, na ankara itaje jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda na idadi. Msambazaji anayejiheshimu naye atauliza kibali chako kabla ya kukuuzia. Muuzaji anayekuja na begi mlangoni, bei yake ikiwa chini ya soko lote, akisema risiti italetwa kesho, anakuuzia kesi. Pengine dawa haijasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Pengine ni bandia. Pengine imeibwa kwenye zahanati ya umma, na alama ya MSD au GOT iko kwenye boksi au kwenye kidonge chenyewe. Dawa yenye alama hiyo haina maelezo yatakayokubalika ikikutwa kwenye duka binafsi.

Ankara ina faida nyingine inayosahaulika. TMDA ikitangaza kwamba toleo fulani la dawa liondolewe sokoni, famasi yenye ankara zilizopangwa itajua ndani ya dakika chache kama ililinunua, lini, na boksi ngapi zimebaki. Famasi isiyo nazo itabaki kugeuza maboksi rafuni, huku ikiwa haina la kusema kuhusu yale yaliyokwisha kuuzwa.

Tufike sasa kwenye ukaguzi, neno linalowatia wengi hofu. Tumesikia maduka yanayofunga milango kwa kupigiana simu mara gari la wakaguzi linapoonekana mjini. Mwenye duka safi hana sababu ya kufunga. Mkaguzi akifika, mwombe kitambulisho, kwa heshima. Atauliza kwanza: mfamasia yuko wapi? Ataangalia kibali, vyeti vya waliopo kaunta na ratiba ya zamu. Ataangalia joto la chumba na friji. Atashika dawa mbili tatu kutoka rafuni na kuomba ankara zake. Atasoma tarehe za kwisha muda, hasa kwenye maboksi yaliyo nyuma, kwa sababu duka lisilopanga ile inayokwisha muda kwanza itangulie mbele ndipo linapojisahau.

Kisha atafungua kabati la dawa zinazodhibitiwa. Hapa uongo na ukweli vinatengana kwa hesabu tu. Chukua diazepamu. Ankara zinaonyesha famasi ilinunua vidonge 500. Daftari linaonyesha vidonge 320 vilitolewa kwa vyeti vya madaktari, kila kimoja na jina la mgonjwa na tarehe. Kabatini vinatakiwa kubaki 180. Vinahesabiwa, viko 120. Vidonge 60 havina mwenyewe. Huenda vimeuzwa bila cheti, huenda vimeibwa na mtumishi, huenda vilitolewa kihalali lakini mtu akasahau kuandika. Mbele ya mkaguzi, yote matatu yanaonekana sawa, na msimamizi ndiye anayetakiwa kujibu.

Kinga ya hilo si ngumu. Kabati liwe na kufuli, ufunguo akae nao mfamasia, kila kidonge kiandikwe kinapotoka, na hesabu ifanywe kila mwisho wa wiki badala ya kungoja mwaka. Upungufu ukionekana Jumamosi hii, watu bado wanakumbuka nani alikuwa zamu na mgonjwa yupi alikuja. Ukionekana baada ya miezi minane, hakuna anayekumbuka lolote. Na mfamasia aliyekodisha cheti chake atajibu nini kuhusu vidonge ambavyo hakuwahi kuviona? Jina lake ndilo lililo kwenye kibali. Wale vijana wanaodhani kukodisha cheti ni fedha ya bure waifikirie siku hiyo, kwa sababu usajili wa taaluma walioutafuta kwa miaka minne ya chuo na mwaka wa mafunzo kazini unaweza kuondoka kwa makosa ya mtu mwingine.

Dawa zilizokwisha muda nazo zina utaratibu. Zitolewe rafuni siku hiyohiyo, ziwekwe kwenye boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haziuzwi, ziorodheshwe, kisha TMDA iombwe kusimamia uteketezaji wake. Kuzichoma nyuma ya duka au kuzimwaga chooni ni kosa, na huacha swali lisilo na jibu kwenye vitabu: zimekwenda wapi? Dawa iliyokwisha muda ikiwa ndani ya boksi lake na kwenye orodha yake, inaonyesha duka linafanya kazi. Ikiwa rafuni, ni kosa hata kama hakuna aliyeuziwa.

Ukaguzi ukiisha, mwenye duka ana haki zake na azidai. Apewe nakala ya taarifa ya ukaguzi. Kama dawa zimechukuliwa, apewe orodha inayotaja kila dawa, namba ya toleo, idadi na sababu. Kama hakubaliani, aandike pingamizi lake na kulipeleka kwenye mamlaka iliyomkagua. Asimalizane na mtu pembeni. Fedha ya pembeni haiandikwi popote, kosa linabaki palepale, na mkaguzi wa pili atalikuta.

Upande wa serikali nao tuna la kusema. Ukaguzi wa saa nne asubuhi siku ya kazi unamkuta mfamasia hata katika duka ambalo huwa hayupo, kwa sababu habari imeshatangulia. Tunaliomba Baraza la Famasi na halmashauri zikague jioni, Jumamosi na Jumapili. Tunaomba pia kila mfamasia msimamizi na famasi anayoisimamia viwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuviona bila kuomba, ili jina moja likitokea penye maduka mawili, majirani wawe wa kwanza kulisema. Na adhabu zifike kwa wote wawili. Leo duka linafungwa na mwenye mtaji anapata hasara, ilhali aliyekodisha cheti anakwenda kukikodisha kwingine. Baraza lina mamlaka ya nidhamu juu ya wanataaluma wake. Tunataka kuona yakitumika na matokeo yakitangazwa.

Halmashauri nazo zisitoe leseni ya biashara ya dawa kwa mtu asiye na kibali cha Baraza, wala kuihuisha kwa mazoea kwa sababu ada imelipwa. Afisa biashara anayeomba kuona kibali cha mwaka huu, badala ya kile cha mwaka juzi, ameokoa kazi ya wakaguzi watatu.

Kwa mwananchi, tunashauri jambo moja. Ukiingia famasi, uliza, "Mfamasia yupo?" Akiwepo, mweleze hali yako na umwachie akuulize maswali. Kama kila mara unapofika unaambiwa ametoka sasa hivi, piga simu kwa mfamasia wa halmashauri yako. Hiyo si fitina. Unalinda dozi ya mtoto wako.

Na kwa mwenye mtaji anayepiga hesabu usiku huu, tunasema hivi: andika mshahara wa mfamasia kwenye mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya kodi na juu ya rafu. Hesabu ikikataa, fungua DLDM katika eneo linaloruhusiwa na uiendeshe vizuri, au ungana na mwenzako mfungue famasi moja yenye mtaalamu badala ya mbili zisizo naye. Hesabu ikikubali, mpe mfamasia huyo ufunguo wa kabati na kauli ya mwisho juu ya dawa. Yeye ndiye kibali chako.